Safari ya mzazi: kuanzia kuulizia nafasi hadi mtoto kuandikishwa

Kwa walimu, karani, mlinzi na dereva wa shule yetu ya awali, Shangani, Mtwara

Mzazi tunayemfuata katika safari hii ni mama wa mtoto wa miaka minne. Anauza samaki feri. Mumewe analima korosho Tandahimba.

Anasikia habari zetu. Si kwa bango. Ni kwa jirani, au kliniki, au kwa kuona watoto wakishuka kwenye gari letu. Dereva, usishushe mtoto mpaka umwone wa kumpokea. Mtaa mzima unatazama.

Anaulizia. Hupiga simu jioni akishafunga biashara, na sisi ofisi tumeshafunga. Karani abaki na simu ya shule hadi saa 1 usiku. Swali lake la kwanza ni ada, ila kinachomkosesha usingizi ni kingine: mwanangu akilia, nani atambembeleza? Jibu yote mawili, kisha mkaribishe. Habari ya kulipia fomu ingoje.

Anakuja kuona. Hapa ndipo tunapompata au tunapompoteza, na anayeanza ni mlinzi. "Karibu mama, shikamoo," halafu kiti kivulini. Kumhoji getini ana shida gani, sasa basi. Kabla ya ofisi apelekwe jikoni na chooni, aone ndoo ya kunawia yenye koki iliyo kimo cha mtoto. Mwalimu achuchumae, amsalimie mtoto kwa jina lake, amwache acheze mchangani na wenzake. Mama akimwona mwanawe hataki kuondoka, nusu ya kazi imekwisha.

Anarudi nyumbani kushauriana. Kimya chake tumekuwa tukikihesabu kama kukataa, na naamini tunawapoteza wengi kwa hilo. Baba yuko shamba, bibi naye ana neno lake, na hela ya korosho haijaingia. Minada huanza Oktoba, malipo hupitia chama cha msingi hadi benki, na shule zinafunguliwa Januari. Kumdai ada nzima mapema ni kumfukuza. Ada yetu ni shilingi 480,000 kwa mwaka, kwa awamu nne. Ya kwanza, 120,000, tutaipokea hadi Desemba 20. Siku ya tatu baada ya kuja, karani ampigie: "Mama, mmefikia wapi? Kuna lolote la kuwafafanulia?" Akiomba tumpigie baba, tumpigie.

Anaandikisha. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, picha mbili, namba za simu za watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Asiye na cheti asirudishwe: mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, kwa hiyo tumwandikishe, cheti kifuate. Stakabadhi atoke nayo mkononi.

Kuanzia Jumatatu karani atafungua daftari: jina la mzazi, siku aliyopiga, siku aliyokuja, siku tuliyompigia, alipokwamia. Tutalisoma pamoja kila kikao cha Ijumaa.