Muhtasari wa hati ya suluhu: mashine ya kukoboa mpunga, Ubaruku

Kwa: Wakili kiongozi
Kutoka: Wakili aliyehudhuria usuluhishi
Tarehe: 14 Novemba 2025
Yah: Suluhu ya mteja wetu (mdai) na mmiliki wa kinu (mdaiwa)

Shikamoo Mkuu.

Nimezipitia mara mbili kumbukumbu za usuluhishi wa Jumatano, 12 Novemba. Ziko kurasa sita, nami nakuomba uanzie ukurasa wa tano. Kurasa nne za mwanzo ni mazungumzo. Neno "alikubali" limo humo mara saba, na hakuna hata mara moja kati ya hizo inayomfunga mtu. Mteja wetu, mzee aliyemuuzia mdaiwa mashine, alipiga simu ofisini jana akisema mama wa kinu "alishakubali milioni 36, imeandikwa". Kweli imeandikwa, ukurasa wa pili, asubuhi kabla ya chai. Ila lilikuwa pendekezo la mezani, likaondolewa saa moja baadaye. Yanayosemwa kwenye usuluhishi husemwa bila kuathiri haki za pande, kwa hiyo hatuwezi kulibeba kwa hakimu kama kukiri deni. Mzee aelezwe hivyo mapema.

Yaliyokubaliwa na kusainiwa

Deni limefungwa kwa shilingi 31,000,000. Bei ya mashine na injini yake ilikuwa 74,000,000, zikalipwa 38,000,000, zikabaki 36,000,000. Mzee amesamehe 5,000,000. Malipo ni kwa awamu tatu: 9,000,000 ifikapo 15 Desemba 2025, 7,000,000 ifikapo 28 Februari 2026, na 15,000,000 ifikapo 31 Julai 2026. Awamu ya mwisho imewekwa baada ya mavuno kwa makusudi. Mpunga wa Usangu ukiwa bado shambani, kinu hakina cha kukoboa, na mama yule hana fedha nyingine.

Mzee naye ana wajibu wake: ndani ya siku 14 tangu apokee awamu ya kwanza, atatoa seti mpya ya rola na kumtuma fundi azifunge. Mashine inaendelea kuwa mali ya mzee mpaka shilingi ya mwisho ilipwe, ila mama ataitumia na kuitunza. Kila upande unabeba gharama zake za shauri.

Yaliyoachwa

Upande wetu tumeacha riba ya asilimia 12 kwa mwaka na fidia ya 15,000,000 ya biashara iliyopotea. Ile fidia, kusema kweli, tusingeithibitisha. Mzee hana daftari la mauzo la mwaka 2024. Mdaiwa ameacha ombi la kurudisha mashine na kurejeshewa fedha zake. Ameacha pia madai kinzani ya 22,000,000, aliyodai kwa sababu mchele ulitoka chenga nyingi na rola zikalika ndani ya miezi mitatu.

Hapa pana tatizo. Kwamba ameacha madai kinzani ndivyo sote tulivyoelewa chumbani, lakini hati haisemi hivyo. Inasema tu "pande zote zimemaliza mgogoro kwa amani." Wakili wa upande wa pili ni mtu mwungwana, lakini mama akibadilisha wakili mwezi wa tatu, huyo mpya atauliza madai kinzani yaliondolewa wapi, nasi hatutakuwa na sentensi ya kumwonyesha. Tunahitaji iandikwe wazi kwamba madai na madai kinzani yote yameondolewa, na hakuna upande utakaoyafungua tena kuhusu mauzo haya.

Yaliyosemwa bila kuandikwa

Kijana wa mdaiwa alikuwepo, akasema mama yake akishindwa, yeye atalipa. Mzee aliitikia kwa furaha, na nadhani ndiyo sababu alipunguza ile milioni tano. Kijana hakusaini popote, wala si mhusika katika shauri. Tuzo ikitoka, haitamgusa. Kama mzee anamtaka mdhamini huyo, asaini ahadi yake ndani ya hati hii hii kabla haijasajiliwa. Akikataa, mzee aamue sasa kama milioni 31 bila mdhamini inamtosha. Nauli ya fundi kutoka Mbeya mjini nayo haikutajwa. Ni fedha ndogo, lakini ugomvi wa watu hawa ulianzia kwenye nauli ya fundi.

Makosa ya kurekebisha

Awamu ya pili imeandikwa 7,000,000 kwa tarakimu na "milioni sita" kwa maneno. Jumla ya 31,000,000 inaonyesha tarakimu ndizo sahihi, lakini tusimwachie dalali wa mahakama kazi ya kukokotoa.

Kubwa zaidi ni kifungu cha kushindwa kulipa. Kinasema mdaiwa asipolipa, "hatua za kisheria zitachukuliwa." Hatua ipi? Mahakama inayokazia hukumu hutazama tuzo iliyo mbele yake. Haianzi kutafuta nia za watu. Jinsi kilivyo sasa, awamu ya Februari ikikosekana tutaweza kudai hiyo milioni saba tu na kuisubiri Julai. Napendekeza kisomeke hivi: "Mdaiwa akichelewesha awamu yoyote kwa zaidi ya siku 14 baada ya kupewa notisi ya maandishi, salio lote litadaiwa papo hapo, na mdai atakuwa na haki ya kuomba kukazia hukumu kwa salio hilo na kuichukua mashine." Pia tuseme mashine ikichukuliwa, thamani yake itapunguzwa kwenye salio. Bila hilo, mwenzetu atasema, na kwa haki, kwamba tunataka mashine na fedha zote kwa pamoja.

Hatua za kuifanya hati iwe na meno

Hati kama ilivyo ni mkataba. Mama asipolipa leo, hatuna cha kukazia. Shauri linatajwa Jumatatu, 24 Novemba, Mahakama ya Wilaya, Rujewa, hivyo tuna wiki moja na siku chache.

Kwanza, nyongeza ya marekebisho isainiwe na pande zote mbili, mawakili na msuluhishi. Hatuwezi kusahihisha peke yetu hata lile "sita". Kalamu yetu ikigusa hati iliyokwisha sainiwa, tumeiharibu. Pili, hati na nyongeza yake ziwasilishwe, na siku ya kutajwa tuombe hakimu aisajili suluhu na kutoa tuzo kwa mujibu wa Amri ya XXIII, kanuni ya 3, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Tusiombe shauri "liondolewe kwa kuwa pande zimepatana." Likiondolewa hivyo hakuna tuzo, na tutalazimika kufungua shauri jipya juu ya suluhu yenyewe. Tatu, tuombe nakala ya tuzo iliyothibitishwa siku hiyo hiyo na kuilinganisha na hati neno kwa neno.

Mzee ajue kwamba tuzo ya maridhiano haikatiwi rufaa. Akisaini, ndiyo imekwisha, labda pawe na udanganyifu au jambo la namna hiyo. Malipo yote yapitie akaunti yake ya benki, si mkononi kule kinuni, na risiti ya rola isainiwe na mama siku fundi atakapozifunga. Mzee akichelewa kutoa rola, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuvunja suluhu.

Rasimu ya nyongeza nimeiambatanisha. Wakili wa mdaiwa anaweza kukutana nasi Jumanne, 18 Novemba, saa nne asubuhi. Nimemwomba aje na yule kijana. Naomba ruhusa yako nimpigie mzee leo jioni kuhusu udhamini, kwa sababu akilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza Jumanne mbele ya mama, suluhu yenyewe inaweza kuvunjika.