Barua ya kujitoa katika ofa ya mkopo wa nyumba na kudai ada zilizolipwa

Mwanahamisi Ali Juma
Tudor, Mombasa

10 Novemba 2025

Meneja wa Tawi
Idara ya Mikopo ya Nyumba
Barabara ya Moi, Mombasa

Kwa Bwana Meneja,

KUH: KUIKATAA BARUA YA OFA YA 27 OKTOBA 2025, MKOPO WA SH 5,600,000, NA ADA NILIZOKWISHA LIPA

Natumai barua hii inakufikia ukiwa mzima. Ninaandika kukujulisha rasmi kwamba siikubali ofa ya mkopo wa nyumba mliyonipa tarehe 27 Oktoba 2025, kwa ajili ya kununua fleti ya Mkomani, Nyali, inayouzwa Sh 7,000,000. Ofa yenyewe inasema iko wazi kwa siku 30 na kwamba haina nguvu mpaka niitie sahihi na kuirudisha. Sijaitia sahihi, wala mume wangu hajaitia. Nakala zote mbili nimeziambatisha hapa zikiwa tupu kama mlivyonipa.

Kwa hiyo hakuna mkataba wa mkopo kati yetu, na hakuna rehani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kutoa haki juu ya ardhi uwe wa maandishi, wenye sahihi za pande zote, na kila sahihi iwe imeshuhudiwa. Hapa hakuna hata moja ya hayo. Nalitaja mapema kwa sababu afisa mmoja aliniambia kwa simu kwamba "faili likishafika kwa wakili huwezi kurudi nyuma". Sina nia ya kumtia matatani, ila jambo hilo si kweli, na mteja mwingine angeweza kutia sahihi kwa kuliogopa.

Sababu ya kujitoa nitaieleza, ingawa silazimiki, maana ndiyo inayoamua habari ya ada. Tarehe 9 Septemba 2025 mlinipa karatasi ya masharti ya awali, yenye muhuri wa tawi lenu: riba asilimia 14.2 kwa mwaka, muda wa miaka 15. Kwa hesabu hiyo marejesho ni kama Sh 75,330 kila mwezi. Nyumbani tulikaa na mume wangu, anayefanya kazi Kilindini, tukapima mshahara wake na wangu, karo za watoto, na dawa za mama yangu ambaye tunaishi naye. Tukaona tunaweza, kwa kujibana. Ndipo tukaanza kulipa kila tulichoambiwa kulipa.

Ofa ilipotoka, riba ilikuwa asilimia 15.9. Marejesho yakapanda hadi kama Sh 81,860 kwa mwezi. Tofauti ni takriban Sh 6,500 kila mwezi, na kwa miezi 180 inazidi Sh 1,170,000. Pesa hizo si za kuzibia pengo dogo. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna barua iliyotangulia. Nililiona mwenyewe kwenye ukurasa wa tatu wa ofa, nikiwa nimeshalipa ada zote. Nilipouliza nikaambiwa riba hupanda kulingana na soko. Lakini katika kipindi hicho hicho Benki Kuu ya Kenya ilikuwa ikishusha riba yake ya msingi: ilikuwa asilimia 9.50 kuanzia Agosti, ikashushwa hadi 9.25 mwezi wa Oktoba, kabla ofa yangu haijaandikwa. Kama ni hatari mliyoiona kwangu mimi ndiyo iliyopandisha riba, nilistahili kuambiwa ni hatari gani, na kuambiwa kabla hamjanikata pesa. Katiba, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na huduma, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Mwongozo wa Benki Kuu kuhusu kuwalinda wateja nao unazitaka benki zimweleze mteja ada na masharti kwa uwazi kabla hajafunga mkataba.

Sasa nije kwenye pesa. Jumla niliyotoa ni Sh 152,400, bila kuhesabu ushuru wa bidhaa. Sidai yote. Sh 5,000 za maombi mlizipokea mkalipokea faili na kulipitia, nazo ni haki yenu. Sh 28,000 za mthamini pia sizidai, maana alifika Mkomani tarehe 30 Septemba, akapima, akaandika ripoti. Ninachoomba ni nakala ya ripoti hiyo. Nimeilipia mimi na bado sijaiona, na itanifaa nikitafuta njia nyingine ya kununua fleti hii au kuzungumza bei na muuzaji.

Ada ninayoidai kwa nguvu zote ni ile ya kutoa mkopo, asilimia 1 ya mkopo, yaani Sh 56,000, iliyokatwa kwenye akaunti yangu tarehe 23 Septemba 2025, pamoja na ushuru wa bidhaa uliokatwa juu yake siku hiyo hiyo. Naomba muisome upya karatasi yenu wenyewe. Sharti la 6 la masharti ya awali linasema ada hii italipwa "mteja atakapoikubali ofa". Ilikatwa wiki tano kabla ofa haijakuwepo. Sikuikubali ofa, kwa hiyo siku ya kulipa ada hii haikufika, na haitafika tena. Mkopo wenyewe haukutolewa hata shilingi moja.

Afisa aliniambia ada hii hairudishwi. Nilimwomba anionyeshe pameandikwa wapi, akanionyesha kifungu kilichomo ndani ya ofa. Bwana Meneja, ofa hiyo ndiyo ninayoikataa. Benki haiwezi kunifunga kwa kifungu cha karatasi ambayo sikuitia sahihi, kisha ikaliacha kando sharti la karatasi ambayo yenyewe iliipiga muhuri. Na kama jibu litakuwa kwamba ada ililipia kazi ya kulichambua ombi langu, kazi hiyo ndiyo niliyoilipia Sh 5,000 siku ya kwanza. Kama ipo kazi nyingine zaidi ya hiyo, naomba ielezwe kwa maandishi: ilifanywa na nani, lini, na kwa kiwango gani cha malipo kwenye orodha yenu ya ada.

Malipo ya kwanza ya bima ya mkopo, Sh 18,400, yalikatwa tarehe 14 Oktoba. Bima hiyo ni ya kulipa deni nikifa au nikipata ulemavu kabla sijamaliza. Deni halikuwepo hata siku moja, kwa hiyo hakuna kilichowekewa bima. Naomba zirudi zote.

Amana ya wakili wenu, Sh 45,000, niliilipa tarehe 7 Oktoba ili aandae hati ya rehani na kuisajili. Najua alifanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, na gharama hiyo nakubali ikatwe. Hati ya rehani haijaandaliwa, ushuru wa stempu haujalipwa, na hakuna kilichopelekwa kusajiliwa. Naomba anitumie ankara yenye mchanganuo wa kila kazi aliyoifanya, na kinachobaki kirudishwe. Nakala ya barua hii nimempelekea.

Zaidi ya pesa, kuna mambo ambayo yasipofungwa vizuri yataniumiza baadaye. Fomu ya idhini ya mwenzi aliyoitia sahihi mume wangu irudishwe ikiwa asilia. Agizo la kudumu la malipo, nililolitia sahihi bila tarehe kwa kuombwa na ofisi yenu, lifutwe, nami nipewe uthibitisho wa kufutwa. Barua ya mwajiri wangu inayoruhusu makato ya mshahara irudishwe kwake, nami nipate nakala. Kwenye CRB pasionekane mkopo wa Sh 5,600,000 kwa jina langu, maana haupo. Idhini niliyowapa ya kutumia taarifa zangu na za familia yangu nimeiondoa kuanzia leo, na kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 naomba mfute zile ambazo sheria haiwalazimu kuzitunza.

Jambo moja ni la haraka. Sh 700,000 nilizotoa kama asilimia 10 ya bei zimeshikwa na wakili wa muuzaji. Muuzaji ni mtu muungwana. Amekubali zirudi, lakini wakili wake anataka kwanza barua kutoka kwenu isemayo kwamba benki haikutoa ahadi ya kitaalamu ya kulipa, haijaweka kizuizi kwenye hati ya fleti, na haina dai lolote juu yake. Barua hiyo haiwagharimu chochote na haitegemei mzozo wetu wa ada. Naomba niipate kabla ya 17 Novemba 2025. Tafadhali msiishike mkisubiri nikubali kuziacha zile Sh 56,000.

Kwa hayo mengine yote naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii, na pesa ziingizwe kwenye akaunti ile ile zilikotolewa. Ikiwa mtakataa sehemu yoyote, andikeni ni sehemu gani na kwa kifungu kipi. Nikikosa jibu, au nikipata jibu lisilo na sababu, nitapeleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi hapa Mombasa. Ikibidi nitafungua dai kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000. Nasema haya ili mjue nimejiandaa, si kwa kutafuta ugomvi. Nimekuwa na akaunti kwenu tangu mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, na dada aliyelishughulikia faili langu mwanzoni alinitendea kwa heshima na subira. Ningependa tumalizane hapa hapa mezani kwenu.

Naomba nakala ya pili ya barua hii igongwe muhuri wa kupokelewa na nirudishiwe niliyeileta.

Wako mwaminifu,

Mwanahamisi Ali Juma

Viambatisho: nakala mbili za ofa zisizotiwa sahihi, karatasi ya masharti ya awali ya 9 Septemba 2025, taarifa ya akaunti ya Septemba na Oktoba 2025, risiti ya amana ya wakili, nakala ya kitambulisho.

Nakala kwa: wakili wa benki; wakili wa muuzaji.