Barua ya Mapendekezo kwa Jopo la Uteuzi: Bi. Rehema Nafula Makokha

Idara ya Kiswahili na Tafsiri
Kisumu, Kenya
10 Novemba 2025

Kwa Jopo la Uteuzi,
Ufadhili wa masomo kwa raia wa kigeni,
Shahada ya uzamili katika isimu, mwelekeo wa tafsiri,
Shirikisho la Urusi.

Waheshimiwa wanajopo,

MINT: MAPENDEKEZO KWA BI. REHEMA NAFULA MAKOKHA

Nimemfundisha Bi. Makokha tangu Septemba 2022 katika kozi tatu: Nadharia za Tafsiri, Uundaji wa Istilahi, na Semantiki ya Kiswahili. Mwaka wa nne nilimsimamia mradi wake wa utafiti kuanzia pendekezo hadi nakala iliyojalidiwa. Ninampendekeza apewe nafasi, na sababu kubwa ni moja: ni mfasiri asiyekubali neno mpaka ameona linavyofanya kazi mikononi mwa mtu atakayelitumia. Katika darasa lake la wanafunzi 58 sikumwona mwingine wa aina hiyo.

Kabla sijaeleza kazi yake, naomba alama zake zisomwe kwa kipimo cha hapa. Wastani wake wa miaka minne ni 71.4 kwa 100. Chuoni kwetu 70 na kuendelea ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D, na chini ya 40 mtu ameanguka. Insha nzuri sana ya tafsiri kwa kawaida hupata 74 au 75. 85 sijawahi kuitoa. Kwa hiyo anayezoea kipimo cha tano hadi mbili asione 71 akadhani ni mwanafunzi wa katikati. Bi. Makokha amehitimu katika Daraja la Kwanza, na darasani mwake waliofika hapo ni wanne tu.

Mradi wake ulihusu mwongozo wa kipima oksijeni. Wakuzaji wa samaki wa vizimba katika Ghuba ya Winam hutumia kifaa hicho kujua kiasi cha oksijeni iliyoyeyuka majini, hasa kabla ya jua kuchomoza, wakati ambapo oksijeni huwa imeshuka kabisa kwa sababu mwani nao umekuwa ukiitumia usiku kucha bila kuizalisha. Vifaa vingi huja na mwongozo wa Kiingereza. Bi. Makokha aliutafsiri kwa Kiswahili, kurasa 22, kisha akaijaribu tafsiri yake Dunga na Usenge kwa wakuzaji 14.

Njia aliyotumia ndiyo iliyonivutia. Hakuwauliza kama wameelewa, kwa maana mtu mzima akiulizwa hivyo mbele ya wenzake atajibu ameelewa. Alimpa kila mmoja kifaa na karatasi, akakaa kando na daftari, akaandika hatua ambayo mkono ulisita. Katika rasimu ya kwanza watano tu ndio walivuka hatua ya nne, ile ya kuweka kanieneo ya hewa ya mahali walipo, yaani nguvu ambayo hewa hukandamiza nayo. Rasimu hiyo ilisema: "Rekebisha presha." Presha, kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, ni ugonjwa. Mzee mmoja alikiweka kifaa chini akasema yeye hana presha, aliipima juzi kliniki. Rasimu ya pili ikatumia "kanieneo", istilahi sahihi ya vitabu vya fizikia, na ikawashinda wote ambao hawakuisoma fizikia ya Kiswahili, yaani karibu wote. Rasimu ya tatu ilisema: "Weka uzito wa hewa ya Kisumu: 663." Kumi na wawili wakavuka.

Mwanafizikia anaweza kulalamika kwamba uzito si kanieneo. Bi. Makokha alilijua hilo, na katika sura ya nne ametetea uamuzi wake kwa kurasa tatu: istilahi sahihi imewekwa kwenye faharasa, na maagizo ya kazi yametumia lugha ya kazi. Binafsi ningependelea "mgandamizo wa hewa", na nilimwambia hivyo. Alikwenda akalijaribu neno langu kwa watu sita, akarudi na matokeo kwamba wanne walidhani wanaambiwa wabonyeze kitu. Nikanyamaza.

Nambari 663 nayo inastahili maelezo, kwa kuwa hapo ndipo alipovuka mpaka wa kazi ya mfasiri kwa faida ya tafsiri yenyewe. Kifaa huja kimewekewa milimita 760 za zebaki, ambayo ni hewa ya usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, na huku kanieneo ni takriban milimita 663. Kwa nyuzi 25 za selsiasi, maji yaliyojaa oksijeni hushika miligramu 8.3 hivi kwa lita pale Mombasa, lakini hapa Kisumu hushika kama 7.2. Mkuzaji akiirekebisha mashine kwenye hewa bila kubadili ile 760, kila kipimo atakachochukua baadaye kitazidi ukweli kwa asilimia 15 hivi. Mwongozo asilia ulilitaja jambo hili kwa sentensi moja ndani ya mabano, ukurasa wa 17. Mfasiri mwingine angeitafsiri sentensi hiyo vizuri, akaiacha hukohuko ukurasa wa 17.

Yeye alitaka kujua kama kosa hilo ni la kweli au ni la karatasini tu. Alimwomba fundi wa maabara ya idara jirani ampimie sampuli ileile kwa kutonesha kemikali, njia ya Winkler. Kifaa kilichobaki kwenye 760 kilionyesha 5.3, maabara ikapata 4.6. Kwa mkuzaji, pengo hilo si hesabu za darasani: mashine inaposema 3.3, maji yana kama 2.9, na samaki wa jamii ya ngege huanza kudhoofika oksijeni inaposhuka chini ya 3 hivi. Ndipo alipoihamisha sentensi ile kutoka ukurasa wa 17 hadi hatua ya nne, akaweka tanbihi kumweleza msomaji kwamba mpangilio umebadilishwa na kwa nini. Tanbihi hiyo ni muhimu kwangu kuliko uhamisho wenyewe. Mfasiri anayebadilisha mpangilio kimyakimya ni hatari. Huyu alisema alichofanya.

Upungufu wake nautaja ili jopo lisishtuke baadaye. Aliwasilisha rasimu ya mwisho siku tisa baada ya tarehe, kwa sababu alirudi Usenge kurudia jaribio, nami nikamkata alama tano kama kanuni inavyotaka. Bila hizo angepata 81. Hajui vizuri kusimama jaribio likishatosha, na msimamizi wake wa uzamili itabidi ampangie tarehe za katikati, siyo ile ya mwisho peke yake. Katika Fonolojia ya mwaka wa pili alipata 57, alama yake ya chini kuliko zote. Hakuirudia kozi kwa sababu alikuwa amefaulu. Katika semina huzungumza kidogo, na asipoulizwa huondoka na hoja yake.

Kuhusu Kirusi, yuko mwanzoni. Amejisomea kwa miezi minane, anasoma Kisirili bila kukwama, anaandika sentensi fupi, na hawezi bado kufuata mhadhara. Mwaka wa matayarisho wa lugha atauhitaji wote. Ninachoweza kushuhudia ni namna anavyojifunza. Mwezi Agosti aliniletea ukurasa wa vitenzi akiuliza kwa nini "nilisoma" yetu imegawanyika kwao kuwa mbili, chitala ya kitendo kilichokuwa kikiendelea na prochitala ya kilichokamilika, na kama "nimesoma" ingeingia kwenye ya pili moja kwa moja. Alikuwa amekusanya mifano 40 na kugundua kwamba haiingii siku zote: "amelala" yetu ni hali ya sasa, mtu yuko usingizini, na Kirusi hapo kinataka wakati uliopo. Swali hilo ndilo analotaka kulifanyia tasnifu. Kwa wanaofundisha Kiswahili huko Urusi na kwa wachache wanaofundisha Kirusi huku Kenya, jibu lake litakuwa na kazi.

Lubukusu ni lugha ya kwao Bungoma, Kiswahili na Kiingereza amesomea, na Dholuo ameipata hapa Kisumu kwa kuitumia sokoni na ufuoni. Mahojiano ya Dunga aliyafanya kwa Dholuo bila mkalimani.

Nampendekeza bila kusita. Nikiulizwa jambo lolote kuhusu kazi yake nitajibu, na nakala ya mradi pamoja na rasimu zote tatu zimehifadhiwa katika ofisi ya idara.

Wenu mwaminifu,

(sahihi na muhuri wa idara)

Dkt. Z. Odhiambo
Mhadhiri Mwandamizi, Kiswahili na Tafsiri

KARATASI YA MFASIRI (isiambatishwe kwenye nakala ya jopo)

Ndugu mfasiri, salamu. Haya ndiyo mambo yatakayokutega.

Jina liandikwe Рехема Нафула Макоха, na liwe vilevile katika tafsiri ya pasipoti na ya vyeti. Herufi moja ikitofautiana karatasi zitarudishwa. "Kh" ya Makokha ni х moja. Nafula ni jina lake la kuzaliwa, si la baba, kwa hiyo usiliweke mahali pa jina la ubini wa Kirusi. Nafasi hiyo iachwe bila kitu. Majina yote matatu yanaishia na "a", basi yanyambuliwe kwa uhusika kama majina mengine ya Kirusi ya namna hiyo. Katika kichwa cha barua na kwenye jedwali lolote yabaki katika umbo la kwanza.

"Dkt." hapa ni shahada ya uzamivu. Usiandike doktor nauk, kwa kuwa huko ni ngazi ya juu zaidi na nitaonekana najikweza. Andika PhD kwa herufi hizohizo. "Mhadhiri Mwandamizi" si profesa.

"Daraja la Kwanza" litafsiriwe neno kwa neno, lisigeuzwe diploma nyekundu. Ile ina masharti yake na huyu ana C moja. Alama nazo usizibadilishe kuwa tano au nne. Aya niliyoandika kuhusu kipimo itafanya kazi hiyo.

Maneno presha, kanieneo, uzito wa hewa na mgandamizo wa hewa yaache kwa Kiswahili kwa herufi za Kisirili, kisha uweke maana pembeni. Ukiyatafsiri yote kwa neno moja la Kirusi, davlenie, aya nzima itakosa maana. Na bahati ni kwamba davlenie nayo kwa Mrusi ni ugonjwa vilevile, kwa hiyo mzee wa kliniki ataeleweka bila maelezo.

Mwisho ni nambari. Sisi tunaandika 4.6 kwa nukta. Kirusi kinataka 4,6 kwa mkato. Mita 1,134 ukiiacha kama ilivyo itasomwa mita moja na kidogo, na ziwa letu litakuwa limeshuka pwani. Andika 1134.