Ada ya Mwaka 2026: Maelezo kwa Wazazi na Walezi

[Ofisi ya mwalimu mkuu, dirisha liko wazi. Sauti za watoto uwanjani zinasikika kwa mbali. Mezani kuna karatasi mbili na kikombe cha chai.]

MWALIMU MKUU:
Wazazi na walezi, habari za jioni. Najua wengi mtaitazama video hii usiku, mkishafunga biashara au mkishawalaza watoto, kwa hiyo sitawachosha.

Nianze na ile picha ya waraka wetu wa ada iliyozunguka kwenye kundi la wazazi tangu Jumanne. Ni ya kwetu kweli, haikughushiwa. Ila waraka una kurasa mbili, na aliyepiga picha alipiga ukurasa wa pili peke yake. Juu kabisa inaonekana 1,480,000. Mzazi aliyezoea kulipa laki sita kwa muhula akiiona namba hiyo, lazima moyo umwende mbio. Hata mimi ungenienda mbio.

[Anainua karatasi zote mbili, anaziweka sawa mbele ya kamera.]

Hiyo ni ada ya mwaka mzima, si ya muhula.

[Maandishi kwenye skrini: 1,480,000 = MWAKA MZIMA, AWAMU NNE ZA 370,000]

Sasa tulinganishe na mnacholipa leo. Ada ya mwaka huu ni 1,200,000. Lakini hakuna mzazi hapa aliyelipa 1,200,000 akaishia hapo. Kuna hela ya mitihani, kuna rimu, kompyuta, ziara, mahafali, vifaa vya usafi, masomo ya ziada. Kila baada ya wiki mbili mtoto anarudi na kakaratasi kapya ndani ya daftari. Tumekaa na mhasibu tukavijumlisha vikaratasi vyote vya mwaka huu, mtoto mmoja, tangu Januari. Vimefika 215,000.

[Maandishi kwenye skrini: Ada 1,200,000 + michango 215,000 = 1,415,000]

Kwa hiyo ukweli ni kwamba mwaka huu mmelipa 1,415,000, ila mmelipa vipande vipande, na zile 215,000 hamkuzipangia. Kuanzia Januari vyote hivyo vimo ndani ya ada moja. Mtoto akija na kakaratasi ka mchango mwakani, mnipigie mimi.

Ongezeko lenyewe ni 65,000 kwa mwaka. Ni ongezeko, siwezi kuliita kwa jina lingine. Katika hizo, 40,000 inakwenda jikoni. Uji wa asubuhi na chakula cha mchana, ukigawa kwa siku za masomo, ni nyongeza ya kama shilingi mia mbili kwa siku kwa kila mtoto. Aliyenunua maharage na mafuta ya kula sokoni Mawenzi mwaka huu hahitaji nimweleze zaidi. Inayobaki, 25,000, inasaidia mshahara wa mwalimu wa hisabati wa madarasa ya juu, mliyekuwa mkimwomba tangu kikao cha mwaka juzi.

Kuna baba mmoja aliniuliza langoni, kwa heshima kabisa: "Mwalimu, serikalini tangu 2016 hakuna ada, nyinyi kwa nini mnapandisha?" Ni swali la haki. Shule za serikali zinapelekewa ruzuku, na mishahara ya walimu inalipwa na serikali. Sisi mshahara wa mwalimu, wa mpishi na wa mlinzi unatoka kwenye ada hii hii. Hakuna mfuko mwingine.

[Kalenda ya ukutani. Kidole kinagusa miezi minne.]

Tarehe za kulipa. Zamani zilikuwa awamu mbili, Januari na Julai. Na Januari ya hapa kwetu Morogoro wote tunaijua: sikukuu zimepita, sare, madaftari, kodi ya nyumba, halafu shule inataka laki sita kwa mkupuo. Sasa ni awamu nne.

[Maandishi kwenye skrini: 15 Januari, 15 Aprili, 15 Julai, 1 Oktoba. Kila awamu 370,000]

Wazazi wa darasa la saba, kwenu awamu ya nne ni 31 Agosti, kwa sababu mtihani wa taifa ni Septemba. Nitasema wazi kwa nini: mtoto akishamaliza mtihani, simu za baadhi yetu huwa hazipatikani. [Anatabasamu.] Mnajijua.

Wakulima wa mpunga, najua Aprili ni mvua na shamba, hela haipo, inakuja mkishavuna. Kama awamu ya pili inakubana, njoo kabla ya tarehe 15, tuisogeze iungane na ya Julai. Hiyo si fadhila, imeandikwa kwenye waraka, ukurasa wa kwanza, ule usiopigwa picha.

Mwenye watoto wawili au zaidi hapa, kuanzia mtoto wa pili kuna punguzo la asilimia kumi. Huyo atalipiwa 333,000 kwa awamu badala ya 370,000. Huna haja ya kuomba, mhasibu ameshaliweka.

[Ofisi ya mhasibu. Yuko mezani, mkononi ana simu ndogo ya vitufe.]

MHASIBU:
Shikamooni wazazi wangu, na wale wa rika langu, habari zenu. Kwangu ni jambo moja: kuanzia Januari ofisi hii haipokei fedha taslimu.

Sababu mnazijua. Bahasha inapewa mtoto wa darasa la pili, inakaa kwenye begi pamoja na chapati. Au anapewa bodaboda. Mwezi wa tatu mwaka huu bahasha ya 150,000 ilitoka nyumbani, ofisini haikufika, na mpaka leo hatujui iliangukia wapi. Mzazi aliumia, sisi tukaumia, na dereva wa basi akashukiwa bure.

Kila mtoto amepewa namba yake ya malipo. Imeandikwa kwenye karatasi ya pinki iliyobandikwa nyuma ya ripoti yake ya muhula huu, pamoja na namba ya kampuni ya shule. Namba hiyo ni yake mpaka amalize darasa la saba. Usitumie ya mdogo wake kumlipia kaka.

[Picha ya karibu: skrini ya simu ndogo.]

Huhitaji simu kubwa. Kwa M-Pesa, piga *150*00#, chagua kulipa kwa M-Pesa, weka namba ya kampuni, halafu kwenye namba ya kumbukumbu weka ile namba ya mtoto. Weka kiasi. Kabla ya namba ya siri, soma jina linalotokea. Likiwa si la mwanao, katisha, anza upya. Mitandao mingine ni hivyo hivyo, na kwa wakala wa benki unampa tu karatasi ya pinki.

Si lazima ulipe 370,000 kwa siku moja. Ukipata elfu ishirini leo, weka elfu ishirini. Kuna mama lishe wa Msamvu ameshaanza kujaribu, anaweka elfu tano kila jioni akifunga, na mpaka jana alikuwa amefikisha 85,000 za Januari. Kila unapolipa, meseji inakuja na salio lililobaki. Zitunze hizo meseji.

Na hili naomba mlishike: hakuna mwalimu anayepokea ada kwenye namba yake binafsi. Hata mimi. Ukipigiwa simu na mtu akisema tuma kwa namba hii kwa sababu mfumo umeharibika, kata, kisha piga namba ya ofisi iliyo kwenye ripoti.

[Tunarudi kwa mwalimu mkuu. Safari hii amesimama nje, karibu na mlingoti wa bendera.]

MWALIMU MKUU:
Nimekuja kusimama hapa kwa makusudi. Februari iliyopita, asubuhi, mahali hapa, tulisoma majina ya watoto wanaodaiwa ada mbele ya wenzao, tukawarudisha nyumbani. Walikuwa kumi na tisa. Mmoja wa darasa la kwanza hakuelewa kinachoendelea, akadhani amechaguliwa kwenda safari, akatoka mbele anacheka.

Amri ile niliitoa mimi, na nimewaomba radhi wazazi wake. Leo nawaomba radhi na wengine.

Kuanzia mwakani mtoto hasimamishwi mstarini kwa ajili ya ada, hatolewi darasani, wala hanyimwi chakula au mtihani. Deni ni la watu wazima. Tutaongea watu wazima.

Tutaongeaje? Awamu ikipita siku kumi na nne bila malipo wala taarifa, mhasibu atakupigia simu. Simu, si tangazo kwenye kundi. Ukija ofisini tunaandika makubaliano: kiasi gani, lini. Unasaini, nasaini, kila mmoja anabaki na nakala. Hakuna faini wala riba. Wenye madeni ya mwaka huu, nayo tutayagawa hivyo hivyo mpaka mwisho wa Juni.

Lakini sitawadanganya kwamba hakuna kikomo. Mzazi ambaye hapokei simu, haji, hasemi chochote mpaka mwaka unaisha, nafasi ya mwanawe ya mwaka unaofuata hatutaithibitisha mpaka tuonane. Tunachokitaka hapo ni kuonana.

Haya mengine nayapitia haraka, kwa sababu mmeyauliza sana. Basi la shule liko nje ya ada kama zamani, na nauli hazijabadilika, iwe Kihonda, Mazimbu au Bigwa. Sare pia haimo. Kushona kwa fundi wa mtaani ruksa, mradi rangi ifanane. Nembo peke yake ndiyo inapatikana hapa, shilingi 3,000. Mtoto akihama katikati ya mwaka, unalipia awamu alizosoma, na iliyozidi inarudishwa ndani ya siku thelathini kwenye namba ile ile iliyolipa.

Jumamosi hii saa nne asubuhi tutakuwa bwaloni, mimi na mhasibu na wajumbe wa kamati ya wazazi. Mwenye jambo la siri asilisemee pale. Ofisi yangu itakuwa wazi mpaka saa tisa, ataingia mmoja mmoja. Babu na bibi mnaolea wajukuu, njooni na kitambulisho na simu mnayotumia, vijana wa kamati watawaonyesha namna ya kulipa mpaka mzoee.

Njooni na karatasi ya pinki. Kama imepotea, njoo hivyo hivyo, tutakuchapishia nyingine. Chai itakuwepo.

[Maandishi kwenye skrini: Kikao cha wazazi, Jumamosi, saa 4:00 asubuhi, bwaloni. Waraka kamili, kurasa zote mbili, umebandikwa langoni.]