Baraka, naandika upya niliyokuambia jana usiku kuhusu makala ya Mbagala

Mdogo wangu Baraka, habari za asubuhi.

Jana saa 3 usiku nilikuandikia hivi kwenye grupu la dawati: "Baraka, hii kazi ni aibu. Hesabu huzijui, vyanzo huna, umechelewa juu. Uvivu mtupu. Andika upya yote." Nimeyasoma tena alfajiri. Makala yako ya msongamano wa wanafunzi Mbagala bado haiwezi kutoka kama ilivyo, na hilo silirudishi nyuma. Ila katika maneno yale hakuna hata moja ambalo ungeweza kulishika, ukakaa nalo kwenye kompyuta ukarekebisha kitu. Nilikuambia hesabu huzijui bila kukuonyesha hesabu ipi. Nilikuita mvivu, na uvivu sikuuona kwa macho yangu. Tena nilikusema mbele ya watu wanane. Samahani kwa hilo. Ujumbe nimeufuta, na nimeandika humohumo kwenye grupu kwamba sikupaswa kusema vile. Haya yanayofuata ndiyo niliyopaswa kukuandikia, na ni ya kwako peke yako.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonipandisha hasira.

Aya ya 2 umeandika: "Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, idadi ya Watanzania imeongezeka kwa asilimia 3.2 tangu mwaka 2012." Hiyo 3.2 hukuitunga, ipo kwenye matokeo ya sensa, lakini ni kasi ya ongezeko kwa mwaka mmoja. Wewe umeifanya ya miaka 10. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Toa ndogo kwenye kubwa: 16,812,197. Gawanya kwa ile ya zamani, yaani 44,928,923, kisha zidisha kwa 100. Unapata 37.4. Nchi imeongezeka kwa zaidi ya theluthi, na sisi tungemwambia msomaji kwamba imeongezeka kidogo tu. Ukishangaa kwa nini 3.2 mara 10 haifiki 37.4, ni kwa sababu kila mwaka ongezeko linapigwa juu ya watu waliokwisha kuongezeka, kama deni la riba juu ya riba.

Kosa la pili ni zito kuliko hilo, kwa sababu limekaa kwenye kichwa cha habari: "Dar yaongoza kwa kasi ya ongezeko la watu." Fanya hesabu ileile kwa Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2012 ulikuwa na watu 4,364,541, mwaka 2022 watu 5,383,728. Ni ongezeko la asilimia 23.4, chini kabisa ya lile la nchi nzima. Kasi ya mkoa kwa mwaka ilishuka kutoka asilimia 5.6 kati ya sensa ya 2002 na 2012, ikawa 2.1. Kwa hiyo kichwa chako kinasema kinyume cha ripoti uliyoitaja mwenyewe. Na zile "watu zaidi ya milioni 7" za aya ya 3 hazina chanzo. Huwezi kuandika "kwa mujibu wa sensa" kwenye aya moja, halafu aya inayofuata ukaweka namba ambayo sensa haikuitoa.

Kuanzia sasa, kila makala yako yenye asilimia, chini kabisa baada ya jina lako niwekee hesabu yenyewe: namba ya zamani, namba mpya, mwaka wa kila moja, na ukurasa ulikozitoa. Hazichapishwi, ni za macho yangu. Nitazipiga upya mwenyewe kwa kikokotoo kabla sijagusa neno lolote.

Sasa nikuambie kitu ambacho jana hasira ilinizuia kukiona. Ukirekebisha hesabu hizi, unabaki na swali zuri kuliko makala uliyoleta. Kama mkoa umepunguza kasi, mbona darasa ulilolikuta Mbagala lina watoto 138, wakati kiwango ni 45? Angalia jirani. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na mwaka 2022 ukawa na 2,024,947. Hiyo ni asilimia 84. Ukitoka Mbagala na Barabara ya Kilwa, ukishapita Kongowe hauko mbali na Vikindu, na Vikindu ni Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Watu wanajenga huko na wanafanya kazi huku. Nenda kamuulize mwalimu wa taaluma: kati ya hao 138, wangapi wanalala upande wa pili wa mpaka wa mkoa? Muulize pia uandikishaji wa darasa la kwanza mwaka kwa mwaka tangu 2016, elimu bila malipo ilipoanza na watoto wakaja kwa wingi. Jibu likiwa "wote ni wa hapahapa," andika hivyo. Usiende ukitafuta jibu ninalolipenda mimi.

Jambo la pili ni aya ya 9. Umemnukuu mwalimu asiyetaka kutajwa akisema mwalimu mkuu "amekula michango ya madawati." Baraka, sentensi hiyo ingetoka, mtu angeamka asubuhi akute mtaa mzima unamwita mwizi kwa kauli ya mtu mmoja aliyejificha, na yeye hakuulizwa. Shule hukuitaja jina, lakini umetaja mtaa, umesema iko mkabala na kituo cha daladala, umesema mwalimu mkuu ni mwanamke aliyehamia mwaka jana. Mzazi yeyote wa pale anamjua. Kama ni kweli, lazima tuandike, na tuandike kwa nguvu. Kama si kweli, tumemharibia maisha, na gazeti linaweza kushitakiwa kwa kashfa.

Hapo ndipo nilipoandika "uvivu." Nilichokiona hasa ni kwamba simu haikupigwa. Sababu sijakuuliza. Kama uliogopa, niambie bila aibu, wengi wetu simu ya aina hiyo inatutetemesha. Anza hivi: "Shikamoo mwalimu, naitwa Baraka, naandika kuhusu msongamano wa wanafunzi. Kuna madai kuhusu michango ya madawati ambayo yanakuhusu, na sitaki kuyaandika bila kupata maelezo yako." Halafu nyamaza, muache aongee. Asipopokea, piga tena mchana na jioni, mtumie ujumbe, na uandike saa za kila jaribio. Pamoja na hilo, unahitaji kitu nje ya yule mwalimu mmoja: mjumbe wa kamati ya shule, muhtasari wa kikao kilichopanga mchango, stakabadhi ya mzazi aliyelipa. Nenda na mzazi akuonyeshe karatasi, ipige picha. Usipopata kimoja kati ya hivyo, aya ya 9 inaondoka yote, na makala inasimama bila hiyo.

Kuchelewa: dedilaini ilikuwa saa 11 jioni, ulileta saa 1 na dakika 40. Msanifu kurasa alikaa na ukurasa mtupu, ikabidi ajaze na habari ya shirika. Siku nyingine, ukiona saa 9 alasiri bado hujamaliza, nipigie saa 9 hiyohiyo. Wakati huo naweza kuhamisha ukurasa. Saa 1 usiku siwezi.

Aya ya 5 nayo nilipaswa kukuambia jana, badala yake nikaipita kama sikuisoma. Mama amekaa juu ya tofali nje ya dirisha, anafungua daftari la mwanawe, na mwandiko umepinda kutoka mstari mmoja kwenda mwingine kwa sababu mtoto anaandika amepiga magoti, daftari liko juu ya mgongo wa mwenzake. Umeandika kwamba mama alipitisha kidole kwenye ile mistari bila kusema kitu. Nimehariri makala za shule kwa miaka mingi, msongamano nimeuona ukiandikwa kwa tarakimu tu, na hapa umeuonyesha kwa daftari moja. Hukufika pale ukaondoka, ulikaa. Aya hiyo ihamie juu kabisa, iwe ndiyo mwanzo. Aya ya kwanza ya sasa, ile ya "elimu ni ufunguo wa maisha," ifute yote. Namba za sensa zije baada ya mama, si kabla yake.

Kwa hiyo usiandike upya yote kama nilivyosema jana. Aya ya 5, 6 na 7 ziache zilivyo, isipokuwa neno "umati" kwenye ya 6, weka 138, maana uliwahesabu.

Nimeongea na mhariri mkuu, makala imeondolewa Jumatano imewekwa Ijumaa. Sikumwambia kwamba kazi ni mbaya, nilimwambia inahitaji siku 2 za kuthibitisha madai, na ndivyo ilivyo. Leo nenda Mbagala, nauli na gari nimekuombea, dereva anatoka saa 3 asubuhi. Kesho saa 6 mchana niletee hesabu na majibu ya mwalimu mkuu hata kama sentensi hazijakaa sawa. Tutakaa wote saa 8 mchana, tuisome kwa sauti aya kwa aya, kisha unaandika ya mwisho kufikia saa 11. Kama kuna mahali katika barua hii unaona nimekuonea, kwa mfano simu ulipiga na mimi sijui, nijibu hapahapa au uje mezani. Nitarekebisha nilichosema.

Ripoti ya sensa yenye majedwali ya mikoa iko juu ya meza yangu, nimekunja kona kwenye ukurasa wa Pwani. Pitia uichukue kabla ya gari kuondoka, mimi leo naingia saa 4.

Dada Rehema