Cherehani kwenye daftari la babu

Baba mdogo alitaka kitu kimoja tu, majina. Nani alikopa dukani kwa babu akahama au akafa bila kulipa, na watoto wake wako wapi saa hizi. Daftari lenyewe lilikuwa limelala kwenye sanduku la bati tangu duka lifungwe, na kwa vile mi ndo nafanya intanshipu kwenye kitengo cha nyaraka basi ukoo mzima ukaamua kazi ni yangu, "si unasomea hayo hayo", na hakuna aliyeuliza kama nalipwa. Silipwi.

Sasa usifikirie daftari la kufungua na kusoma. Mgongo umeachia, wadudu wamekula pembeni, wino umefifia ukawa rangi ya kutu, na kuna kurasa ukizitazama unaona karatasi tupu kabisa. Bosi wangu, dada mmoja mkali kidogo ila fundi wa kazi yake, aliruhusu nilifanyie ofisini baada ya saa za kazi kwa masharti: hakuna selotepu, hakuna kulamba kidole kufunua ukurasa, mikono inaoshwa na kukaushwa. Glavu za kitambaa alizikataa, anasema zinanasa kwenye karatasi iliyochanika afu unamalizia kuichana. Na kila ukurasa unapigwa picha kwanza kabla hujaanza kuuchezea.

Kilichotuokoa ni aina ya wino. Babu aliandikia ule wino wa zamani wenye chuma ndani yake, wa bluu-nyeusi, ambao ukizeeka unageuka kahawia. Ukizima taa za chumba ukawasha taa ya UV, karatasi inang'aa lakini wino ule unameza mwanga, kwa hiyo maandishi ambayo mchana hayapo yanajitokeza meusi. Mara ya kwanza nilipoona mstari mzima unatokea kwenye ukurasa niliodhani hauna kitu nilipiga kelele, mlinzi akaja kugonga mlango. Kwa kurasa nyepesi zaidi nilichukua picha nikabakiza chaneli ya bluu peke yake, kahawia inakolea, unasoma. Penseli haikunisumbua, penseli haififii kama wino, unaweka tu taa ubavuni chini chini unaona mpaka mkandamizo wa mkono wake.

Majina yakaanza kutoka, ila sio majina ya kupeleka kwa mtu kudai. Fundi Baiskeli. Mama Mapacha. Mrefu wa Pili (wa kwanza sijamwona popote). Mlinzi wa Usiku. Babu hakuandika jina la mtu hata moja, na kila bidhaa ina bei kwa tarakimu na pembeni yake herufi mbili ndogo: LK 18. PX 36. AK 50. Baba mdogo akasema hizo ni herufi za mwanzo za majina, tayari kichwani anatafuta ukoo wa LK.

Nilimwonyesha bosi. Akaniuliza herufi ngapi tofauti zinatumika daftari zima. Nikahesabu, A, E, H, I, K, L, O, P, S, na X. Kumi basi. Akacheka akasema hiyo ni bei ya kununulia, wafanyabiashara wa zamani walikuwa wanachagua neno au maneno yasiyorudia herufi, kila herufi inasimama badala ya tarakimu, ili mteja akichungulia daftari asijue faida ni kiasi gani. Sasa bei ya kuuzia kwa kawaida inaizidi kidogo ya kununulia, kwa hiyo unabahatisha kutokea hapo. LX imeuzwa 12, LK imeuzwa 18, basi L ni 1 na X ni 0. IH ikauzwa 34, I ni 2. PX 36, P ni 3. AK 50, A ni 4. L-I-P-A. Zilizobaki ni E, H, K, O, S, hapo hata mtoto anamalizia: LIPA KESHO. Mtu anakopesha mtaa mzima afu siri yake ya biashara ni "lipa kesho", nilicheka peke yangu mezani. Na O hapo ni 9 wala sio sifuri, LO ni 19.

Bas, baada ya hapo daftari likafunguka, na halikuwa zuri sana kulisoma. Mama Mapacha, ES, kauziwa 60. Yaani babu kanunua 67 kauza 60. Nikadhani kateleza, ukurasa unaofuata tena, kwa Mama Mapacha tena, na kwa Mlinzi wa Usiku. Na madeni ya mali kauli yale ambayo baba mdogo ana hamu nayo, mengi yana mstari wa penseli juu yake na neno moja pembeni, "basi". Hakuna malipo popote, hakuna tarehe ya kulipa. Basi, imeisha hiyo.

Duka la namna hiyo linafungwa ndani ya miezi michache, hata mi niliyefaulu hesabu kwa mbinde najua. Lakini kila mwisho wa mwezi, upande wa zilizoingia, kuna mstari mmoja: Cherehani 40. Cherehani 25. Cherehani 65, mwezi ambao "basi" zake zilifika 67. Na mstari unaofuata kila mara ni kununua mzigo. Hakuwa anauza cherehani, hakuna siku aliyonunua. Na waliolipa chochote wana alama ya vema, Cherehani hana.

Nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, hujambo? Umekonda au bado?"

"Bado. Bibi, babu alikuwa na cherehani dukani?"

"Dukani? Cherehani ilikuwa chumbani kwangu, nashona mpaka usiku wa manane. Kwani kaandika?"

"Kaandika kila mwezi."

"Heh! Kaandika!" Akacheka mpaka akakohoa. "Yule alikuwa anakuja ananiambia niazime, nakurudishia mwisho wa mwezi."

"Mwezi gani?"

"Hakusema. Imefika ngapi?"

Nilikuwa nishajumlisha, 2,315. Akanyamaza anapiga hesabu zake, afu akaniambia kuna mwezi alifiwa na mama yake hakushona kitu, niangalie nisije nikamzidishia. Nikafunua. Ni kweli, kuna mwezi mmoja hauna Cherehani, na mwezi huo mzigo haukununuliwa.

"Haya," akasema, "mpelekee baba yako mdogo hiyo listi anayoitaka, asinisumbue."

Nikaichapa vizuri, majina yote ya utani yalivyo, kila moja na "basi" yake, na chini kabisa nikaweka sehemu ya pili: duka linadaiwa, Cherehani, 2,315. Nikairusha kwenye grupu la familia. Baba mdogo hajamaliza hata dakika, sijui alisomaje haraka hivyo, akaandika:

"Huyu Cherehani ndo nani, ana watoto?"

Nikamjibu, "Anao watano baba mdogo, wewe ndo wa mwisho."