YAH: SAUTI KUKATIKAKATIKA NA KUSIKIKA KAMA YA ROBOTI KWENYE SIMU

12 Machi 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu nyingi. Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi. Nauza viatu sokoni kwa jumla na rejareja, kibanda namba 47, upande wa ndani ulioezekwa bati. Naandika kwa sababu simu zangu za kazi hazisikiki. Afadhali zingekatika, ningepiga tena. Zinaendelea tu, dakika zinaliwa, na sauti inakuja vipandevipande: neno linaanza, katikati linamezwa, mwisho wake unatoka kama mashine inayosaga.

Hali huwa mbaya kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, soko linapofurika. Alfajiri, tukiwa tunafungua vibanda, sauti ni safi pale pale nilipokaa.

Wiki iliyopita mteja wa mbali alipiga kuagiza ndala. Nilichosikia ni "the… nini". Nikamuuliza, themanini? Akajibu ndiyo, maana na yeye kwa upande wake alisikia thelathini. Mzigo ukaenda jozi 80, jozi 50 zikarudi kwa nauli yangu, na mteja akabaki na kinyongo. Hesabu, saizi, rangi, mahali pa kushushia mzigo, yote hayo sisi tunayamaliza kwenye simu. Silabi moja ikipotea, hasara ni ya mfanyabiashara.

Tafadhali msinirudishie jibu kwamba simu yangu ni mbovu. Laini yenu nimeiweka kwenye simu ya jirani yangu, ikakwaruza vilevile. Laini ya mtandao mwingine nimeiweka kwenye simu yangu, saa ileile, kiti kilekile, tukasikilizana vizuri. Wahudumu wenu wakiambiwa kwamba vijiti vya mtandao vimejaa, wananiambia nizime simu na kuiwasha. Lakini vijiti vinaonyesha nguvu ya mawimbi tu. Havisemi kama mnara umeelemewa na watu, wala kama mawimbi yanaingiliana.

Fundi simu wa hapa sokoni alinifafanulia, na naamini wataalamu wenu wanalijua hili kuliko yeye. Sauti husafirishwa ikiwa imekatwa vipande vidogo vya milisekunde 20. Vikipotea njiani au vikichelewa, simu ya msikilizaji huziba pengo kwa kurudia kile ilichopokea mwisho, na hapo ndipo inapotoka ile sauti ya roboti. Alinishauri nitoe simu kwenye 4G niiweke kwenye 3G. Kweli sauti ilinyooka kiasi, ila picha za viatu ninazowatumia wateja zikawa hazifiki, nikalazimika kurudi kwenye 4G. Mimi nahitaji vyote viwili, na vyote viwili navilipia.

Kuna jambo jingine naomba mlipe uzito. Mara nyingi mimi namsikia mtu vizuri kabisa, yeye ndiye anayelalamika kwamba naongea kama roboti. Kwa hiyo msikague tu kinachotoka mnarani kuja kwetu, kagueni na kinachotoka kwetu kwenda mnarani.

Siko peke yangu. Safu nzima ya viatu na ile ya nguo wanalia kilio hiki. Jirani yangu, mama mtu mzima, akipigiwa simu hutoka mbio mpaka getini ndiyo asikike, huku nyuma kibanda chake kimebaki wazi na wateja wanapanga foleni. Inauma kumwona anavyohangaika kwa huduma aliyokwisha kuilipia.

Ninachoomba ni hiki. Mtume fundi wenu aje saa tano asubuhi siku ya soko, apige simu akiwa chini ya paa, katikati ya vibanda. Akija jioni au akipimia barabarani atakuta kila kitu kizuri, na tutabaki palepale. Mnara unaohudumia soko ukaguliwe kama unabeba watu kupita uwezo wake, pamoja na njia inayouunganisha na mitambo yenu mikubwa. Kama dawa ni kuongeza antena karibu na soko, tuambieni mapema kazi itaanza lini. Na dakika zilizoliwa na simu zisizosikika, naomba nirudishiwe.

Nimeambatanisha namba ya laini yangu na orodha ya simu zenye tatizo, kila moja na tarehe na saa yake, ili mzilinganishe na kumbukumbu zenu. Naomba majibu kwa maandishi. Fundi akija aulize getini, nitampeleka mwenyewe kwenye safu zote zenye shida.

Wenu mteja,

Mama Zuhura
Kibanda namba 47, safu ya viatu